Barua Iliyoingia Faili Lisilo Lake

Mpaka leo mtu akinijia na karatasi mkononi akaniambia, "Niandikie kabarua tu, kafupi," mwili unanilegea kabla sijajua anataka nini. Watoto wangu wanasema ni uvivu. Waseme. Nimeandika barua nyingi kuliko walizowahi kusoma wao, na moja kati ya hizo bado naiona mstari kwa mstari.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mpiga taipu katika shirika moja la umma. Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja na bomba moja uani. Jioni nikirudi kazini, vidole vinauma na mgongo umekufa ganzi, nilikuwa nakuta mtu amekaa kizingitini kwangu. Huyu anaomba uhamisho, yule anamlalamikia mwenye nyumba, mwingine mtoto wake hajapewa nafasi shule. Mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba mle ndani mna msichana anayejua kuandika barua za serikali. Mimi nami nilikuwa na maringo yangu, sikatai. Nilipenda kusikia wakisema, "Mpeleke kwa yule binti, barua yake hairudi."

Chumba cha jirani alikaa mama mmoja wa makamo, mtu wa kusini, ambaye alikuwa akipika wali na maharage kando ya barabara, karibu na pale soko jipya lilipokuwa linajengwa. Wateja wake walikuwa mafundi wa ujenzi na wachukuzi. Alikuwa na masufuria makubwa mawili, jiko la mawe matatu, benchi moja, na mkono mzito wa kupakua. Mumewe alifanya kazi bandarini akafia humu humu mjini, akazikwa humu humu. Watoto Mungu hakuwajalia. Kwao alikuwa hajaenda miaka mingi, na mtu pekee aliyekuwa akimjua huko alikuwa mjomba mmoja mzee sana, kama bado yu hai.

Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniita mwanangu. Wakati wa mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha, alikuwa ananiwekea wali mlangoni kwangu kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani. Hilo nalitaja ili ijulikane kwamba barua yake sikuiandika kwa kulipua.

Siku moja wilaya ikatoa tangazo. Halikuwa tangazo la kubandikwa tu. Kila mpishi wa barabarani alipewa nakala yake, imechapwa kwa stensili, juu ina namba ya kumbukumbu, chini mhuri. Ilisema kwamba wapika chakula na wachuuzi wasio na kibali wataondolewa mjini na kurudishwa vijijini kwao wakashiriki kilimo, na mwenye maelezo ayapeleke kwa maandishi.

Jirani yangu alikuja nalo jioni ile. Alikuwa bado ana masizi mikononi, kwa hiyo ile karatasi aliishika kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, nisomee. Nimesoma mwenyewe, lakini nataka nisikie kama nimesoma sawa."

Kwa sababu alikuwa anasoma, yule mama. Mwaka mzima alikuwa akienda madarasa ya elimu ya watu wazima kwenye tawi la chama, baada ya kuosha masufuria. Nikamsomea. Alikuwa amesoma sawa.

"Sasa mimi kijijini nikaanzie wapi?" akasema. "Nikalime na nani? Kaburi la mwenzangu liko hapa."

"Utaomba kibali," nikamwambia. "Wamesema wenyewe mwenye maelezo aandike. Tutaandika."

Nilisema hivyo kama mtu anayesema tutachota maji. Kwa kweli nilikuwa nimechoka, nilitaka nilale. Lakini nilijua pia kwamba hiyo barua nitaiandika vizuri kuliko barua zote, kwa sababu ilikuwa ya kwake.

Kwanza nilimtuma apimwe kwa Bwana Afya, kwani mtu anayeuza chakula bila cheti cha afya hata asihangaike kuomba. Akapimwa, akapewa cheti. Halafu nikakaa ofisini saa ya chakula, nikaweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikapiga.

Anwani yake ilikaa kulia juu. Sanduku la posta hakuwa nalo, kwa hiyo niliweka kwa hisani yangu, sanduku la shirika letu. Tarehe chini yake. Kushoto nikaandika Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, na sanduku lake. Chini ya hapo nikaandika "Kupitia kwa" na kuwapanga wakubwa wetu kwa utaratibu: Mjumbe wa Nyumba Kumi, kisha Katibu wa Tawi, nikiacha nafasi kila mmoja atie sahihi na maoni yake. Kisha:

"Ndugu,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUUZA CHAKULA KILICHOPIKWA

Tafadhali rejea barua yako yenye kumbukumbu namba iliyotajwa hapo juu.

Mimi ni mwanamke mjane na mkazi wa mtaa huu. Najipatia riziki kwa kupika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa ujenzi na wachukuzi. Naomba nipatiwe kibali cha kufanya kazi hiyo kwa kufuata taratibu zote za usafi. Cheti cha afya nimekiambatanisha.

Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litafikiriwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,"

Na juu kabisa, kushoto, nilipanga ile namba ya kumbukumbu ya tangazo, herufi na mikwaju yake yote, bila kukosea hata nukta. Chuoni mwalimu wetu wa uhazili alitukazania sana jambo hilo: ukijibu barua ya ofisi, taja namba yake, la sivyo barua yako haina kwao. Wachache mtaani walijua hivyo. Nilipoitoa ile karatasi kwenye mashine nikaitazama, nilifurahi. Ilikuwa imekaa sawasawa, pembe zote zimelingana.

Jioni nikampa asaini. Nilikuwa nimebeba na kidau cha wino, nikidhani atatia dole gumba kama wengine. Akanikatalia.

"Dole la nini? Niliyokuwa nakwenda kusoma yote yale, nitie dole?"

Akafuta mkono kwenye kanga, akaishika kalamu kwa nguvu, akaandika jina lake lote, majina matatu, herufi kubwa moja moja. Ilichukua muda. Mara ya kwanza maishani mwake kutia jina lake kwenye karatasi ya serikali. Alipomaliza aliipuliza ingawa wino ulikuwa umeshakauka, akacheka mwenyewe.

Mjumbe wetu akaandika, "Namfahamu, ni raia mwema, asaidiwe." Huyo alikuwa mteja wa maharage yake, asingeandika vinginevyo. Katibu wa Tawi akagonga mhuri. Tukaipeleka wilayani wenyewe, masjala, pale barua zote zinapopokelewa na kutiwa kwenye mafaili. Karani akagonga "Imepokelewa" kwenye barua na kwenye nakala yetu ya kaboni. Yule mama akaikunja nakala, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Tukangoja. Wapishi wenzake, ukiacha wawili, hawakuandika chochote. Wengine hawakujua nani awaandikie, wengine walisema watu wa serikali watachoka. Mmoja alihamisha jiko lake mitaa miwili mbele, mwingine akasogea upande wa Jangwani ambako nako mvua ikinyesha sufuria linaelea. Yeye hakusogea. "Nimeshaandika," alikuwa akiwaambia. "Nikihama, watanikuta wapi wakija na jibu?"

Wiki ya tatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda kuuliza. Karani wa masjala alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua daftari kubwa la barua zinazoingia, akashuka na kidole, akaiona.

"Ipo. Imeingia faili lake, binti yangu. Imeshakwenda kwa afisa."

"Afisa biashara?"

"Hapana. Afisa biashara ana faili la vibali. Hii iko faili la kuwaondoa."

Nikadhani amekosea. Nikamwambia hii ni barua ya kuomba kibali, kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi kubwa. Akanitazama juu ya miwani, wala hakukasirika.

"Kwa siku naingiza barua gunia zima. Mimi sisomi barua, nasoma namba. Namba uliyoandika ni ya faili la zoezi la kuwaondoa wasio na kibali, nami nikaitia humo. Ungeacha pale pawe patupu, ningesoma kichwa cha habari, ningeipeleka panapohusika."

Nilisimama pale kaunta nikiirudia ile namba kichwani. Namba ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeichapa mimi mwenyewe, nikaihakiki mara mbili.

Nikamwomba aitoe aihamishe. Akatikisa kichwa. Kila karatasi ndani ya faili ilikuwa imepewa namba yake kwa wino mwekundu, moja baada ya nyingine, na hakuna anayenyofoa karatasi katikati. Afisa mwenye faili anaweza kuandika dokezo ihamishwe, lakini afisa yuko safari, na faili liko mezani kwake kwa sababu ameagizwa atoe orodha.

"Orodha ya nini?"

"Ya wahusika," akasema. "Anatoa majina humo humo kwenye faili. Ndiyo majina aliyonayo." Akashusha sauti. "Mwandikie upya, binti yangu. Usiweke namba. Apitishe tena kwa Mjumbe na Tawi, uambatanishe cheti cha afya. Ulete kwangu, mkononi."

Cheti chenyewe kilikuwa mle mle ndani ya faili, na hakitoki. Kwa hiyo ikabidi arudi tena kwa Bwana Afya. Mara ya kwanza Bwana Afya hayupo. Mara ya pili fomu zimekwisha. Mjumbe akaweka sahihi siku hiyo hiyo, ila Katibu wa Tawi alikuwa kwenye semina, na mhuri ameufungia kabatini. Nilizunguka jua la saa nane mpaka ndara zikakatika, nikimlaani kila mtu, nikianzia na mwalimu wangu wa uhazili. Mimi mwenyewe nilijilaani mwisho, usiku usingizi ulipokataa.

Yeye nilimwambia nini? Nilimwambia barua ya kwanza imechelewa, basi tunaongeza ya pili kuisukuma. Sikumwambia habari ya namba. Kila nikikaribia kusema, alikuwa ananishukuru kwa kuhangaika, na maneno yananirudi tumboni. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kulipa.

Barua ya pili, isiyo na namba, akaitia sahihi mwenyewe, nami nikaifikisha mkononi kwa yule mzee siku ya Ijumaa, cheti kipya ndani. Jumatatu asubuhi lori likaja.

Nilikuwa nachota maji niliposikia injini mlangoni. Walikuwa mgambo wanne na Mjumbe wetu, Mjumbe ameshika kofia yake mkononi, hataki kumtazama mtu. Kiongozi wa mgambo alikuwa na karatasi. Wapishi wa barabara yetu walikuwa kama ishirini. Karatasi ile ilikuwa na wapishi watatu tu, wale watatu walioandika. Akasoma jina la jirani yangu, majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule alioyaandika mwenyewe.

Akatoka chumbani amevaa kanga safi. Akafungua pindo, akatoa nakala yake ndani ya plastiki.

"Mimi nimeomba," akamwambia. "Nina barua."

Yule kiongozi hakuwa mtu mbaya. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, mpaka chini.

"Barua nzuri sana, mama," akasema. Kisha akaiweka kando ya karatasi yake, akaonyesha kwa kidole huku na huku. "Lakini namba ni hii hii. Umeona? Barua yako ni ya zoezi hili hili. Ndiyo maana jina lako limo."

Nikaingilia. Nilipayuka, kwa kweli. Nilisema kuna barua nyingine, nendeni masjala mkaulize, kosa si lake. Kiongozi akaniuliza hiyo nyingine ina mhuri wa kupokelewa, iko wapi nakala yake. Nakala ilikuwa ofisini kwangu, kwenye droo. Mjumbe akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anamfahamu mama huyu, ni raia mwema. Akaambiwa hilo ameshaliandika, tena limo.

Jirani yangu alikuwa bado anaangalia pale kidole kilipokuwa kimegusa, juu, kushoto. Halafu akanitazama. Nikainamisha macho kwenye ndoo yangu. Akachukua nakala yake, akaikunja, akaifunga tena kwenye pindo.

"Masufuria niwekee, mwanangu," akasema. "Usimpe mtu."

Alipanda lori kwa msaada wa Mjumbe. Mimi nilikwenda kazini nikapiga taipu siku nzima, na siku ile sikukosea hata herufi moja.

Miezi miwili baadaye, katika barua za shirika, ikaja bahasha ya wilaya kwa hisani yangu. Kumbukumbu namba mpya, ya faili la vibali. "Ndugu, ombi lako limekubaliwa. Unatakiwa kufika ofisini kwa Afisa Biashara katika muda wa siku kumi na nne ukiwa na barua hii." Nilikwenda mimi. Afisa biashara akaniambia kibali hakichukuliwi na mtu mwingine, mhusika aje mwenyewe. Nilimweleza aliko mhusika. Akasema basi mhusika aandike kuomba muda uongezwe, na mtu aliyerudishwa kijijini atahitaji pia barua ya kijiji kumruhusu kusafiri. Aliyasema bila ubaya wowote, na nadhani alikuwa amechoka kama mimi.

Nikamwandikia. Sikuwa na anwani yake, nikapeleka kupitia ofisi ya kijiji, nikafunga ndani barua ya kibali. Nilimweleza mambo yote ya afisa biashara na siku kumi na nne. Habari ya namba niliianza mara nne, nikaichana mara nne. Mwishowe nikaandika tu kwamba nasikitika.

Jibu lilikuja baada ya mvua za masika, kwenye karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula. Anwani ya kijiji imekaa kulia juu. Tarehe chini yake. Jina langu na sanduku la shirika kushoto. Kila kitu mahali pake, kama nilivyokuwa nikimsomea jioni nyingine, alipokaa kizingitini akiniangalia nikiandikia watu. Herufi zilikuwa kubwa, moja moja.

"Ndugu Mwanangu,

YAH: MASUFURIA YANGU MAWILI

Barua yako nimeipata na kibali nimekisoma mwenyewe. Nimekiweka. Kusafiri siwezi, nimeomba hapa kijijini mara mbili wameniambia ningoje. Mjomba nilimkuta hai. Nalima mihogo, mgongo unauma.

Masufuria yatumie wewe. Usiyaache yakae bure yakashika kutu. Ukipika wali weka maji kidogo, wewe huwa unazidisha.

Kaburini unipitie ukipata nafasi, ung'oe majani.

Kumbukumbu namba sikuweka. Nimeona barua isiyo na namba ndiyo inayofika.

Wako katika ujenzi wa taifa,"

Na chini yake, majina yake matatu.

Sikumjibu. Nilitia karatasi kwenye mashine mara nyingi, nikaandika tarehe, nikaandika Ndugu, kisha Mama, kisha nikafika pale kwenye kichwa cha habari. Nilitakiwa kuandika jambo moja tu hapo, na nilikuwa nalijua. Nilichoka kabla sijaliandika, na nilipopata nguvu miaka ilikuwa imeshapita, na mtu aliyetoka kijiji kile akaniambia hayupo tena.

Masufuria ninayo. Kaburi la mumewe nalisafisha, ingawa siku hizi magoti hayanipi nafasi ya kuinama sana. Na wali wangu, wanangu wananiambia, bado unakuwa na maji mengi.